Kupiga bei ya kol ya Kiulaya kwa fomula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kol ya Kiulaya ni nini, na Ulaya inaingiaje hapo?

Ulaya haiingii popote, ni jina tu. Kol ni aina ya opsheni, ni haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana leo, siku fulani huko mbele, na ni haki tu, hulazimiki, siku ikifika hisa iko chini unaiacha unaenda zako. Hiyo bei mliyokubaliana ndo straiki. Ikiwa haki yenyewe unaweza kuitumia siku ya mwisho peke yake, inaitwa ya Kiulaya, ukiweza kuitumia siku yoyote kabla, ni ya Kimarekani. Na usichanganywe na ramani, opsheni za fahirisi ya S&P 500 zinauzwa Chicago na ni za Kiulaya.

Fomula yenyewe ikoje?

```
C  = S*N(d1) - K*e^(-rT)*N(d2)
d1 = [ ln(S/K) + (r + s^2/2)*T ] / ( s*sqrt(T) )
d2 = d1 - s*sqrt(T)
```

S ni bei ya hisa sasa hivi, K ni straiki, r ni riba isiyo na hatari kwa mwaka (watu huangalia bili za hazina), s ni volatiliti kwa mwaka, yaani bei inavyoyumba, na T ni muda uliobaki kwa miaka. N ni eneo lililo chini ya mchoro ule wa kengele kuanzia kushoto kabisa mpaka kwenye namba yako, kwa hiyo jibu lake siku zote liko kati ya 0 na 1.

Fischer Black na Myron Scholes waliitoa kwenye jarida mwaka 1973, mwaka uleule Robert Merton naye akatoa kazi yake juu ya jambo hilohilo, na mwaka huohuo mwezi wa nne soko la opsheni la Chicago likafunguliwa, mambo yakagongana vizuri tu. Nobel ilikuja 1997 kwa Scholes na Merton, Black alikuwa ameshafariki 1995.

Tufanyie mfano mmoja mpaka mwisho.

Haya, chukua kalkuleta. Hisa iko dola 100, straiki 105, riba 4%, volatiliti 25%, muda miezi sita. Haina gawio.

Anza na s*sqrt(T) maana utaihitaji mara mbili: 0.25 mara kipeuo cha pili cha 0.5, ambacho ni 0.7071, unapata 0.1768. Halafu ln(100/105) ni −0.0488, hasi kwa sababu hisa bado iko chini ya straiki. Halafu riba ujumlishe nusu ya volatiliti iliyozidishwa yenyewe: 0.04 + 0.03125 = 0.07125, zidisha kwa nusu mwaka, 0.0356. Jumlisha hivyo viwili, −0.0132, gawanya kwa 0.1768, d1 yako ni −0.0745. Toa 0.1768, d2 ni −0.2512.

N(d1) inakuja 0.4703 na N(d2) inakuja 0.4008. Straiki ya leo, yaani 105 mara e^(−0.02), ni 102.92. Sasa 100 × 0.4703 ni 47.03, na 102.92 × 0.4008 ni 41.25, ukitoa unabaki na dola 5.78. Ndo bei ya kol. Namba hizi tutazitumia mpaka chini, kwa hiyo ziandike pembeni.

Kwa nini straiki inapunguzwa kwa riba lakini hisa haipunguzwi?

Kwa sababu 105 utailipa baada ya miezi sita, si leo, na dola 102.92 ukiiweka leo kwa riba ya 4% inakuwa 105 siku hiyo. Bei ya hisa 100 ni bei ya leo tayari, soko limeshafanya hesabu yake, ukiipunguza tena unapunguza mara mbili. Ukisahau e^(−rT) kwenye mfano wetu unapata 4.95 badala ya 5.78, umemuuzia mtu kwa hasara ya senti 83 kwa kila hisa, na mkataba mmoja wa opsheni za hisa Marekani kwa kawaida ni hisa 100, kwa hiyo hiyo ni dola 83 imeondoka kwa kusahau kitu kidogo kwenye sela moja ya Excel.

N(d1) na N(d2) zote si uwezekano wa kol kulipa? Mbona ni namba mbili tofauti?

Hili ndo swali lenyewe, na nusu ya watu wanaoitumia fomula kila siku ukiwauliza wataanza kukohoa. Twende polepole.

N(d2) ndiyo uwezekano. 0.4008 inasema kuna nafasi kama 40% kwamba hisa itamaliza juu ya 105 (kwa uwezekano wa aina fulani, nitaeleza swali linalofuata). Na ndo maana imekaa pamoja na straiki, maana straiki ni namba isiyobadilika: ukitumia kol unalipa 105, usipoitumia hulipi kitu, kwa hiyo thamani ya leo ya kile unachotegemea kulipa ni 102.92 mara uwezekano wa kulipa, basi.

Sasa upande wa hisa haiwezekani ukafanya hivyohivyo. Mtu anajaribu 100 × 0.4008 halafu anatoa 41.25 anapata hasi, anashangaa. Tatizo ni kwamba unapoipokea hisa haina thamani ya kawaida, unaipokea siku ambazo imepanda tu, zile siku mbovu umeshaikimbia. Kwa hiyo wastani wa hisa unayoipokea uko juu kuliko wastani wa hisa kwa ujumla, na N(d1) imebeba mambo mawili kwa pamoja, uwezekano wa kuipokea na huo unene wa bei siku hizo za kupokea.

Tuipime kwa namba zetu. Hisa ikikua kwa riba tu, wastani wake baada ya miezi sita ni 102.02. Zidisha kwa 0.4703 ugawanye kwa 0.4008, unapata 119.71. Maana yake: zile mara ambazo hisa inamaliza juu ya 105, kwa wastani inamaliza kwenye 119.71. Basi kol ikilipa, kwa wastani inalipa 119.71 − 105 = 14.71. Inalipa mara 40.08 kati ya 100, kwa hiyo 14.71 × 0.4008 = 5.90. Rudisha leo kwa riba, zidisha kwa 0.9802, unapata 5.78. Namba ileile! Fomula yote ni hiyo hesabu ya kawaida ya duka, inalipa mara ngapi na ikilipa inalipa kiasi gani, ila imepangwa kwa namna ambayo imeficha.

Na N(d1) siku zote ni kubwa kuliko N(d2) maana d1 ni kubwa, tofauti yao ni s*sqrt(T) tu. Hisa isiyoyumba kabisa, hizo mbili zinakutana.

Kwa hiyo naweza kumwambia mteja kuna nafasi 40% ya kupata?

Usimwambie hivyo. Hiyo 40% ni ya ulimwengu wa kuwaza ambamo kila hisa kwa wastani inakua kwa riba ya bili za hazina tu, 4% yetu. Ulimwengu halisi watu wanategemea hisa ikue zaidi ya hapo, la sivyo nani angeacha bili za hazina akanunue hisa, kwa hiyo uwezekano halisi kwa kawaida uko juu kidogo. Halafu hata huo wa kumaliza juu ya 105 si uwezekano wa kupata faida, maana amelipa 5.78 kuinunua, mpaka hisa ifike 110.78 ndo anarudisha hela yake (na hapo hatujahesabu riba).

Mbona fomula haiulizi kama naamini hisa itapanda? Si ndo kitu cha kwanza?

Kila mtu anashtuka hapa. Angalia tena fomula, hakuna mahali pa kuweka matumaini yako.

Sababu ni kwamba muuzaji wa kol hahitaji kubashiri. Anauza kol kwa 5.78, anakopa 41.25, jumla anayo 47.03, ambayo ndo hela kamili ya kununua hisa 0.4703 kwa dola 100. Umeona? Vipande viwili vya fomula ndo vitabu vyake viwili, S*N(d1) ni hisa alizoshika na K*e^(−rT)*N(d2) ni deni lake. Hisa ikipanda dola moja, kol inapanda kama senti 47 na hisa zake nazo zinapanda senti 47, hapotezi wala hapati. Kisha N(d1) inabadilika kidogo, ananunua au anauza hisa chache kurekebisha, na anaendelea hivyo mpaka siku ya mwisho. Kama anaweza kuifuatilia kol kwa njia hiyo, bei yake lazima iwe gharama ya kufuatilia, hisa ipande ishuke shauri yake. Ndo maana N(d1) huitwa pia delta.

Kwenye makaratasi anarekebisha kila sekunde bila gharama. Kwenye maisha anarekebisha mara moja mbili kwa siku na kila mara dalali anakula chake, kwa hiyo anayeuza anaongeza kidogo juu.

Nimepata 5.69 badala ya 5.78. Ni makosa ya kukadiria desimali?

Hapana, nakaribia kuapa kwamba umeandika LOG badala ya LN. Kwenye Excel na Google Sheets, LOG bila kitu kingine ni logi ya msingi wa 10, wakati kwenye Python math.log ni logi asilia, kwa hiyo ukihamisha fomula kutoka huku kwenda kule mtego unafyatuka. Jaribu: log ya 10 ya 100/105 ni −0.0212, d1 inageuka 0.0817, d2 inakuwa −0.0951, bei 5.69.

Mimi nilikaa na hilo kosa karibu wiki mbili kwenye shiti yangu, sikuligundua, maana nani atatilia shaka senti 9? Na kuna sababu ya kihesabu kwa nini linajificha hivyo. Ukiishika tofauti ya d1 na d2 palepale kwenye s*sqrt(T), halafu ukaisogeza d1 juu au chini, bei inafika kilele chake hasa kwenye d1 sahihi. Juu ya kilele ardhi ni tambarare, ukikosea hatua kadhaa kwa upande wowote unashuka kidogo sana. Kwa hiyo kosa kwenye d1 linaonekana dogo kwenye bei na siku zote linaipunguza bei, haliwezi kuiongeza.

Ila kwenye delta halijifichi. Sahihi ni 0.47, ya kwangu ilikuwa 0.53, kwa kol ya hisa 10,000 hapo ningekuwa nimeshika hisa 600 za ziada nikiamini nimejikinga.

Lakini niliangalia usawa wa kol na put na ukatoka sawa kabisa!

Ndiyo, na ungetoka sawa hata ungeweka d1 ya namba ya simu yako. Usawa unasema kol ukitoa put, yaani haki ya kuuza kwa straiki ileile, ni S − K*e^(−rT), kwetu −2.92. Put unaipiga kwa N(−d1) na N(−d2), na N(x) na N(−x) siku zote jumla yake ni 1, kwa hiyo ukitoa d1 na d2 zinakufa zote, haijalishi ulizipataje. Huo usawa unakuonyesha kosa la kupunguza straiki upande mmoja ukasahau upande wa pili, lakini kosa la ndani ya d1 haulioni kamwe.

Cheki inayolinasa ni hii. Chukua wastani wa d1 na d2, kwetu −0.1629, zidisha kwa 0.1768, unapata −0.0288. Ipandishe kwenye e, zidisha kwa straiki ya leo: 102.92 × 0.9716 = 100.00. Lazima irudi bei ya hisa. Isiporudi, d1 yako ina ugonjwa. Ya pili ni kupiga bei hisa ikiwa 101 (6.26) na ikiwa 99 (5.32), nusu ya tofauti ni 0.47, lazima ifanane na N(d1) yako.

Mimi napata sifuri tupu. Nini hiyo?

Umeweka FALSE kwenye NORM.S.DIST, ile ya Excel inayokupa N. Weka TRUE. FALSE inakupa urefu wa kengele mahali hapo badala ya eneo lililo chini yake, na urefu wa kengele una tabia moja, S ukizidisha kwa urefu kwenye d1 unapata sawasawa na straiki ya leo ukizidisha kwa urefu kwenye d2. Kwetu ni 39.78 pande zote mbili. Ukitoa, sifuri. Kumbe ndo uleule utambarare wa kilele nilioutaja juu, hapa umejitokeza uchi. Ukipata sifuri kamili kwa kol yenye muda mrefu bado, usihangaike kutafuta kwingine.

Kama unataka kitu cha kulinganishia shiti yako, hiki kinatosha, hakihitaji kusakinisha chochote:

```python
from math import log, sqrt, exp
from statistics import NormalDist

def kol(S, K, r, s, T):
    N = NormalDist().cdf
    d1 = (log(S/K) + (r + s*s/2)*T) / (s*sqrt(T))
    d2 = d1 - s*sqrt(T)
    return S*N(d1) - K*exp(-r*T)*N(d2)

print(kol(100, 105, 0.04, 0.25, 0.5))
```

Itoe 5.7799 na videsimali, yaani 5.78 ukikadiria. Makosa mengine yaliyobaki yanajulikana kwa macho: ukiandika volatiliti 25 badala ya 0.25, au T ukaiweka 182 kwa kuwa ni siku, bei itakimbilia 100, karibu na bei ya hisa yenyewe, na hakuna kol inayoweza kuizidi hisa.

Volatiliti naitoa wapi?

Vingine vyote unavisoma kwenye skrini, hiki ndo unachokibishania. Njia ya kwanza ni historia: chukua mabadiliko ya kila siku kwa logi, tafuta mkengeuko wake, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 252, zile siku za soko kwa mwaka. Hisa ya 25% kwa mwaka ni hisa inayoyumba kama 1.6% kwa siku. Njia ya pili, inayotumika zaidi, ni kuigeuza fomula kichwa chini: kol yetu sokoni inauzwa 6.50, ni volatiliti gani ingetoa 6.50? Kila asilimia moja ya volatiliti inaongeza kama senti 28 kwenye kol hii, pengo ni senti 72, kwa hiyo ni karibu 27.6%. Madalali wenyewe wananukuu hivyo, mtu anasema ameuza kwa 27 na nusu na kila mmoja anaelewa si dola.

Hisa ikitoa gawio katikati?

Mwenye kol halipati gawio, na hisa siku inapotengana na gawio huwa inashuka kwa kama kiasi hicho. Kwa hiyo toa thamani ya leo ya gawio kwenye S kabla ya kuanza. Gawio la dola 2 baada ya miezi mitatu ni 1.98 leo, weka S 98.02, kol inashuka kutoka 5.78 mpaka karibu 4.89. Badilisha S kila mahali, ndani ya d1 pia, watu wengi wanabadilisha pale mbele tu.

Na kol ya Kimarekani?

Bila gawio, bei ni ileile, Merton alilionyesha hilo 1973: kuitumia mapema ni kutupa muda uliobaki na kulipa straiki kabla ya wakati, afadhali uiuze. Kukiwa na gawio kubwa, au ikiwa ni put, fomula hii haitoshi tena, tumia mti wa matawi mawili, unaopiga hesabu hatua kwa hatua, kila hatua bei inapanda au inashuka.

Inaharibikia wapi?

Kwenye kudhani volatiliti ni moja tu na bei inatembea bila kuruka. Oktoba 19, 1987 fahirisi ya Dow ilianguka 22.6% kwa siku moja, na kwa hisa inayoyumba 1.6% kwa siku hiyo ni zaidi ya mara 14 ya mkengeuko wake, kengele ya N inasema kitu hicho hakitokei hata ulimwengu ungerudiwa. Kilitokea. Tangu hapo ukigeuza fomula kichwa chini kwa opsheni za S&P 500 zinazoisha siku ileile, kila straiki inakupa volatiliti yake, na zile straiki za chini kabisa ndizo zina volatiliti ya juu, maana watu wanalipa ghali kujikinga na anguko lingine. Kwa hiyo ukipiga bei ya straiki 105 tumia volatiliti inayotoka kwenye opsheni za karibu na 105, usiazime ya straiki 80 kwa sababu tu ndiyo uliyoiona kwanza kwenye skrini.